Bahasha Yenye Muhuri kwa Mzee Lenku

Fausta alikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, Manundu, Korogwe, na chumba kile alikilinda kwa wivu kuliko vitu vyake vyote. Hakikuwa na makubwa. Dirisha moja la uani, sakafu ya saruji nyekundu, na rafu ya vitabu aliyoipigilia mwenyewe kwa misumari iliyopinda. Lakini alikulia Hale, katika nyumba ndogo ambayo babu yake mkata mkonge aliachiwa na kampuni, wakilala watoto wanne kitanda kimoja. Chuoni akalala dabodeka, mtu juu yake na mtu pembeni. Chumba cha Manundu ndicho cha kwanza alichofunga mlango wake asiulizwe na mtu anafanya nini ndani.

Kwa hiyo ilipokuja kazi ya Dodoma, furaha yake haikudumu hata siku moja.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Fausta alikuwa karani wa masijala katika chuo kimoja binafsi pale mjini. Anapokea barua, anazigonga muhuri, anaziandika kwenye rejesta, anazitia kwenye jalada. Sasa taasisi moja ya Dodoma ilikuwa inahamishia majalada yake ya miaka mingi kwenye kompyuta, ikataka watu wa muda wanaojua kupanga nyaraka. Kuanza Jumatatu tarehe tano Februari, kumaliza tarehe thelathini Mei. Mkuu wa chuo akampa likizo bila malipo, akamwambia, "Juni nikukute kwenye meza yako. Nisipokukuta, meza haitakaa bila mtu."

Tatizo likabaki chumba. Kodi alikwisha kulipa hadi mwisho wa Julai, na mwenye nyumba si mtu wa kurudisha kodi. Dodoma nako atapanga. Vyumba viwili kwa mshahara wa mtu mmoja asingeviweza, na akikiachia cha Manundu, Juni atarudi aanze upya kutafuta, tena kwa bei nyingine. Alitaka mtu wa kukaa mle miezi minne na kutoka.

Mtu alipatikana upesi. Rafiki yake wa Lushoto alimwambia juu ya Maryamu, mwanafunzi wa uuguzi aliyepangiwa mafunzo kwa vitendo Korogwe, Februari hadi Mei. Walizungumza kwa simu mara mbili, wakaelewana. Maryamu angeingia Jumamosi tarehe tatu. Fausta angepanda basi Jumapili.

Jioni ile akautoa mkataba wake wa pango chini ya godoro akausoma wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kuusaini. Kifungu cha saba kilikuwa wazi: mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine chumba bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na akifanya hivyo mkataba umevunjika.

"Usijitie presha," Mama Godlisten, mpangaji wa chumba cha jirani, alimwambia akichambua mchicha barazani. "Mwingize tu mtoto wa watu. Mzee akiuliza, ni mdogo wako amekuja kukaa."

"Mama Godlisten, mimi sina mdogo muuguzi."

"Utakuwa naye Jumamosi."

"Na yule kaka wa chumba cha uani?"

Mama Godlisten akaendelea na mchicha wake. Wote walimkumbuka kaka wa chumba cha uani. Alikwenda Arusha miezi mitatu, akamwacha rafiki yake ndani. Mzee alipokuja kukagua bati akamkuta mtu asiyemjua akipiga pasi. Hakupiga kelele. Alimwambia rafiki amalize shati lile, kisha atoke, na siku ileile kufuli jipya likawekwa. Vitu vya kaka vilikaa stoo mpaka aliporudi kuvichukua.

Mzee mwenyewe aliitwa Lenku, mfugaji wa Kimasai, na boma lake lilikuwa nyikani upande wa Mkata. Alikuwa ameuza ng'ombe mwaka mmoja wa ukame kabla hawajamfia, akajenga nyumba mjini. Katika miaka mitatu Fausta alikuwa amemwona mara mbili tu. Alikuja, akatazama bati, akanywa chai kwa Mama Godlisten, akaondoka. Kodi ilikwenda kwa simu. Fausta alimwogopa bila sababu anayoweza kuitaja, kama alivyowaogopa watu wote ambao lazima uzungumze nao kwa mdomo.

Angeweza kupiga simu. Alijaribu. Aliishika, akalitafuta jina, akajiandalia maneno, akajikuta anafua mashuka. Mwisho akafanya anachokijua: akaandika barua.

Ilikuwa barua nzuri. Anwani kulia, tarehe, kumbukumbu namba, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, aya tatu, wako mtiifu. Kwa kuwa kwake barua isiyo na muhuri ilikuwa kama mtu asiye na viatu, akaipeleka kwa mtendaji wa mtaa, ambaye aliigonga bila hata kuuliza ni ya nini. Chini Fausta alikuwa ameandika, Nakala: Afisa Mtendaji wa Mtaa. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi, kisha, kama wafanyavyo masijala kwa barua nzito, akamwomba mtendaji apige muhuri mwingine juu ya mshono, ili ijulikane kuwa haijafunguliwa njiani.

Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili Januari bahasha ikapanda basi kwa mkono wa kondakta hadi Mkata, na Mkata ikachukuliwa na bodaboda aitwaye Abdulaziz anayelijua boma. Jioni Abdulaziz akapiga simu: "Dada, mzigo umefika. Nimempa mama mwenyewe, mke wa mzee."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ameipokea kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto."

Fausta hakulitilia maanani hilo.

Wiki ikapita. Hakuna jibu. Alikuwa akiamka anaitazama simu kabla ya kutazama saa. Siku ya nane akajikaza, akampigia mzee. Haipatikani. Akapiga tena mchana, haipatikani. Usiku alipanga nguo kwenye begi, akazipangua, akazipanga tena kwa namna nyingine. Maryamu akatuma ujumbe: *Dada nimeshakata tiketi, Jumamosi saa sita niko Korogwe.* Fausta akaandika, *Sawa*, kisha akakaa juu ya kitanda akilitazama neno lile. Hakuna kilichokuwa sawa.

"Basi nenda," Mama Godlisten alisema Alhamisi. "Unazungukazunguka humu barazani mpaka kuku wangu wanapata kizunguzungu."

"Nikienda nikamkuta amekasirika?"

"Utakuwa umejua. Sasa hivi hujui, na bado unaumwa."

Ijumaa asubuhi Fausta alishuka Mkata, na Abdulaziz akamchukua kwa pikipiki kupita mashamba ya mahindi yaliyokauka na mihogo, kisha vichaka vya miiba, kisha uwanda mtupu. Njia nzima alikuwa akirudia maneno yake. Shikamoo mzee, mimi mpangaji wako wa chumba cha pili. Shikamoo mzee, samahani kwa kuja bila taarifa. Kila mara yalitoka mabaya kuliko mwanzo.

Bomani walimkuta mke wa mzee, Mama Nemayian, na binti yake Simaloi, msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Ng'ombe hawakuwepo. Mzee hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Natoka Korogwe, mama. Mimi mpangaji wenu. Mimi ndiye niliyeleta barua."

Uso wa Mama Nemayian ukakunjamana. Akamgeukia binti yake, wakasemezana kwa Kimaa, maneno mafupi mafupi. Simaloi akamtazama Fausta toka viatuni hadi kichwani.

"Mama anauliza, mbona umekuja bila mgambo?"

"Mgambo wa nini?"

"Kumkamata baba."

Mama Nemayian akaingia ndani, akarudi na sanduku dogo la bati. Juu kabisa ilikuwa bahasha ya kaki. Mshono ulikuwa haujaguswa. Muhuri wa mtendaji ulikuwa umekaa palepale, mviringo, wa bluu, mzuri. Chini yake zilikuwa karatasi nyingine nne au tano, kila moja na muhuri wake: wito, wito, faini ya mifugo kuingia shambani, wito.

"Hamjaifungua," Fausta alisema taratibu.

"Barua ya muhuri ukishaifungua umeipokea," Simaloi alimweleza, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ukishaipokea, siku zinaanza kuhesabiwa. Mwaka juzi baba alifungua moja haraka, kumbe ng'ombe waliokula yale mahindi hawakuwa wetu. Tulilipa hivyo hivyo. Sasa tukiona muhuri hatufungui mpaka kaka yangu aje kutoka Handeni mjini. Na baba anapeleka ng'ombe mbali kidogo."

"Na simu?"

"Simu anazima."

Abdulaziz, aliyekuwa amejilaza kwenye pikipiki yake kivulini, akaanza kucheka mpaka akaangusha kofia. "Dada! Wiki nzima mzee wa watu amekimbia kwa ajili ya chumba!"

Fausta hakuweza kucheka. Joto la aibu lilimpanda toka shingoni. Muhuri wa ndani aliuomba yeye, na huu wa juu ya mshono pia aliuomba yeye. "Mama," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo, "si kesi. Naapa si kesi. Naomba ruhusa tu. Yuko wapi mzee?"

Mama Nemayian akampa bahasha. Kisha akasema Kiswahili kilichonyooka, "Yuko lamboni, ananywesha ng'ombe. Nenda na Simaloi. Ukimdanganya mume wangu, pikipiki hii itarudi bila wewe."

Wakaenda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, Simaloi katikati na Fausta nyuma akiwa ameikumbatia bahasha. Lambo lilikuwa limebaki tope pembeni na maji katikati, na ng'ombe wamesimama mpaka magotini. Mzee Lenku alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kidogo, shuka begani, fimbo mapajani. Aliwatazama wakija, hakuinuka. Simaloi akaenda mbele, akainamisha kichwa, mzee akakigusa. Binti akamweleza yote. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwita Fausta kwa kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chumba cha pili. Mwenye vitabu."

"Ndiyo mzee."

"Nimeshtakiwa nini?"

"Hujashtakiwa, mzee."

"Na muhuri?"

"Niliuomba mimi. Nilidhani... Nilidhani barua itakuwa na heshima."

Mzee Lenku akaigeuza bahasha mikononi. "Heshima," alisema. "Umekwenda kwa mtendaji kuomba chumba changu, ndipo ukanitumia mimi habari. Mtendaji ana chumba Manundu?"

"Hana, mzee."

"Hana. Soma."

Fausta akaivunja gundi. Bahasha ikachanika pembeni. Akaanza kusoma kwa sauti, mbele ya mzee, Simaloi, Abdulaziz na ng'ombe. "Husika na kichwa cha habari hapo juu..."

Mzee akainua uso akatazama angani. "Hapo juu wapi?"

Abdulaziz akageukia pikipiki yake kuficha kicheko. Fausta akaruka mstari. Barua aliyoiandika kwa saa mbili ilikuwa inasikika kama mtu mwingine anazungumza ndani ya pipa. Akaikunja katikati ya aya ya pili.

"Mzee, ngoja niseme tu," alisema, na akashangaa kusikia kwamba anasema. "Nimepata kazi Dodoma miezi minne. Jumatatu naanza. Chumba nimelipia mpaka Julai, sitaki kukiacha. Nataka nimweke msichana mmoja muuguzi mle, akae mpaka mwisho wa mwezi wa tano, atoke, nirudi mimi. Mkataba wetu unasema lazima uniandikie kwamba umekubali. Ndiyo nimekuja."

"Basi," alisema mzee. "Hayo ungeyasema kwenye simu wiki mbili zilizopita, ningekunywa maziwa yangu nyumbani."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, nami nikakuogopa wewe." Akacheka kwa mara ya kwanza, meno mawili ya mbele hayapo. "Ng'ombe wamepata taabu bure. Kaa chini."

Akakaa. Kisha yakaanza maswali, na hayakuwa maswali ya mtu asiyejua mambo. Msichana huyo ni nani? Wa nani? Katika barua jina lake limeandikwa? Fausta akaona kwamba halikuandikwa; aliandika "mtu mmoja mwaminifu". Akivunja dirisha, nani atalitengeneza? Umeme wa Luku wa nyumba wanachanga wapangaji wote. Fungu lake atatoa nani? Mwezi wa tano ukiisha akasema sitoki, nani atamtoa?

"Mimi," alijibu Fausta kila mara. "Ni mimi, mzee. Mkataba wako uko na mimi, haubadiliki. Wa kwake utakuwa na mimi, na hauwezi kupita siku nilizompa."

"Na wewe ukipenda Dodoma? Ukasema, mzee, niongezee?"

Ukweli ni kwamba usiku mwingine alikuwa amejifikiria huko Dodoma, mahali ambapo hakuna anayemjua, akabaki hukohuko. Na usiku mwingine akajifikiria anarudi mbio kabla ya wiki kwisha. Hakujua ni yupi kati ya hao wawili atakayepanda basi.

"Nitarudi," alisema. "Meza yangu ya kazi inaningoja Juni. Na nisiporudi, siku ileile chumba ni chako."

Mzee alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. "Kwetu naweza kukuachia ng'ombe wangu ukae nao mwaka, miaka. Unakunywa maziwa, hakuna ubaya. Lakini ukitaka kuwapeleka kwenye boma la mtu mwingine unakuja kuniambia kwanza, na mimi nakwenda kumwona huyo mtu kwa macho. Simwoni kwa karatasi. Huyo muuguzi yuko wapi?"

"Anafika kesho saa sita, mzee."

"Mimi siwezi kuwaacha ng'ombe tena. Wamechoka. Atakwenda mama."

Simaloi akachana karatasi mbili za daftari, akaandika kwenye paja la Abdulaziz aliyegeuzwa meza, baba yake akisema na Fausta akiongeza pale sheria inapohitaji: kwamba yeye Lenku, mwenye nyumba ya Manundu, amemruhusu mpangaji wake Fausta Gregori kumpangisha Maryamu Mhina, na namba ya kitambulisho chake, chumba cha pili, kuanzia tarehe tatu Februari hadi thelathini na moja Mei, mtu huyo mmoja, si zaidi, kwamba Fausta anabaki mpangaji na kila uharibifu ni juu yake, kwamba muda ukipita bila yeye kurudi, ruhusa imekwisha na mkataba umekwisha. Nakala mbili. Mzee akaandika jina lake kwa herufi kubwa, L-E-N-K-U, kila moja ikipumzika kidogo kabla ya nyingine. Fausta akasaini. Abdulaziz akashuhudia na kuandika namba yake ya simu, "mkihitaji usafiri pia."

Fausta akanyoosha mkono. Mzee akazikunja karatasi zote mbili, akampa binti yake.

"Mpe mama yako. Akimwona msichana akaridhika, atampa huyu ya kwake. Asiporidhika, atanirudishia zote."

Ijumaa ile Fausta hakulala usingizi wa maana. Mama Nemayian alikuja naye Korogwe jioni, akalala kwa Mama Godlisten kama dada yake wa siku nyingi, na hakusema neno juu ya karatasi zilizokuwa kifuani mwake ndani ya kitambaa. Jumamosi asubuhi alikagua chumba. Aligonga dirisha, akafungua na kufunga kitasa, akasoma migongo ya vitabu kwa kidole ingawa Fausta hakuwa na hakika anasoma au anahesabu. Kisha akakaa barazani akingoja.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Fausta alikwenda barabarani mara nne. Saa saba na nusu bajaji ikasimama mbele ya nyumba, akashuka msichana mwembamba mwenye mtandio wa kijani.

"Dada Fausta? Mimi Maryamu."

Nyuma yake akashuka mwingine, mnene kidogo, na begi la matairi. Kisha wa tatu, amebeba godoro lililofungwa kamba.

Fausta akawatazama. Barazani Mama Nemayian hakusogea.

"Hawa ni wenzangu wa chuo," Maryamu alisema haraka, akitabasamu. "Angel na Neema. Wamekosa pa kukaa, dada, hosteli imejaa. Tumeona tubanane tu humo, tugawane kodi. Hatuna fujo. Wenye zamu ya usiku watakuwa kazini, wenye mchana..."

"Karibuni, karibuni," Mama Godlisten alianza, akashika godoro. Yeye alikuwa na mkono wa kupokea mizigo kabla ya kuuliza.

Fausta alijua anachotaka kufanya. Alitaka kutabasamu, kusema karibuni, na kumwachia mtu mwingine neno gumu. Maisha yake yote alikuwa amewaachia wengine neno gumu. Akamtazama Mama Nemayian, apate kuokolewa. Mama yule alikuwa akitazama barabarani, kana kwamba mambo haya hayamhusu hata kidogo. Basi la Dodoma lilikuwa linaondoka kesho alfajiri.

"Hapana," Fausta alisema.

Maryamu akaendelea kutabasamu, hajasikia vizuri.

"Maryamu, ruhusa niliyoomba ni ya mtu mmoja. Jina ni lako. Mimi nikiondoka, chumba hiki bado kiko mkononi mwangu. Siwezi kuwaingiza watatu."

"Dada, jamani, godoro tumeshalileta toka Lushoto."

"Naona. Nisamehe. Ukikubali kukaa peke yako, ingia. Usipokubali, mrudi wote watatu, na mimi sijui nitafanya nini, lakini sitawaingiza."

Yule mnene, Angel, akatupa macho juu. "Chumba chenyewe wala si hoteli."

"Si hoteli," Fausta alikubali, na uso wake ulikuwa wa moto. "Ni changu."

Maryamu akawavuta wenzake pembeni. Walibishana kwa Kishambaa, sauti zikipanda na kushuka. Neema akafuta macho kwa kiganja. Mama Godlisten akasema peke yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba nyumba ya tatu toka hapa, kwa Mzee Semboja, kulikuwa na chumba kitupu juzi, kama hakijachukuliwa. Hatimaye Angel akalichukua godoro kwa hasira, Neema akavuta begi, wakaongozana na Mama Godlisten kwenda kuulizia. Maryamu akabaki na mkoba wake mmoja.

Mama Nemayian akainuka. Akaja mpaka mbele ya Maryamu, akamshika kidevu kama mtu anayetazama meno ya mtoto, akauliza, "Wewe ulijua ni mtu mmoja?"

Maryamu akatazama chini. "Nilijua, mama. Nilidhani dada atatuonea huruma."

"Amekuonea huruma. Umeingia." Akamgeukia Fausta, akatoa kitambaa kifuani, akakifungua taratibu, akatenga karatasi moja. Nyingine akairudisha. "Nilikuwa nangoja uniite mimi niseme. Ungeniita, ningepanda basi la Mkata na zote mbili."

"Asante yeyo," Fausta alisema. Hilo neno la Kimaa, mama, alilisikia kwa Simaloi, lilimtoka tu.

"Usiniite yeyo kwa sababu nimekupa karatasi. Sikia. Tarehe thelathini na moja, mwezi wa tano, mimi nitakuwa nimekaa hapa barazani. Nikiona unashuka kwenye bajaji, nitakunywa chai nirudi kwangu. Nisipokuona, nina kufuli."

Hakukuwa na muda wa kukaa. Fausta alimchukua Maryamu mbiombio mpaka dukani kutoa nakala za karatasi ile na za mkataba wao mdogo walioujaza wakiwa wamesimama, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa kumwandikisha kwenye daftari la wakazi kama mkazi wa miezi minne. Waliporudi, Neema alikuwa amekaa juu ya begi kwenye kona ya nyumba ya Mzee Semboja, bado hajui kama chumba kimepatikana. Fausta alipita karibu yake, akapunguza mwendo. Akaendelea kutembea.

Chumbani Maryamu aliweka mkoba wake kitandani, akatazama rafu. "Naruhusiwa kusoma vitabu vyako?"

"Soma. Usivikunje kurasa."

Akampa ufunguo. Akabaki katikati ya chumba, begi lake mwenyewe mkononi, hajui tena asimame upande gani.